Dumu la lita 5 na dumu la kilo 5: lipi rahisi?

Swali: Kaka, habari za kazi. Nina kibanda cha chipsi hapa Sakina, Arusha. Jana nilipiga picha rafu ya mafuta ya alizeti supamaketi ili nipige hesabu nikiwa nimetulia nyumbani. Chupa ya mililita 900 ni 6,600, chupa ya lita 1 ni 7,200, dumu la lita 3 ni 20,700, halafu kuna madumu mawili ya "5", moja 33,500 na jingine 35,500. Nimegawanya bei kwa namba, la 33,500 ndilo limetoka rahisi kuliko yote. Mume wangu anasema hesabu ina kasoro ila hawezi kuniambia iko wapi. Picha hiyo nimekutumia. Nani yuko sahihi?

Jibu la mnunuzi wa vyakula wa hoteli, Moshi:

Dada, shemeji yuko sahihi. Rahisi ni lile la 35,500, kwa sababu madumu hayo mawili hayakupimwa kwa kipimo kimoja. Moja ni la lita 5, jingine ni la kilo 5.

Sikulaumu kwa kutoliona. Lebo zote mbili za rafu zimeandikwa "ALIZETI DUMU 5" na maneno yakaishia hapo. Nafasi ya jina kwenye lebo ni ndogo, jina likiwa refu linakatwa mwishoni, na mwishoni ndipo kipimo kilipokaa. Ila ukiikuza picha yako ukaacha lebo za rafu na kutazama karatasi iliyobandikwa kwenye dumu lenyewe, chini ya lile ua la alizeti, la kushoto limeandikwa "Ujazo halisi 5 L" na la kulia "Uzito halisi 5 kg". Mimi kipimo huwa nakichukua kwenye dumu, lebo ya rafu naiachia kazi ya bei tu.

Sasa hesabu. Lita moja ya maji ina uzito wa karibu kilo moja, na hapo ndipo wengi tunapozoea kuona lita na kilo ni kitu kimoja. Mafuta ni mepesi kuliko maji, ndiyo maana yanaelea juu ya mchuzi. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina takriban kilo 0.92. Kwa hiyo dumu la kilo 5 lina mafuta mengi kuliko la lita 5: gawanya 5 kwa 0.92, unapata lita 5.43 hivi. Ni kama umeongezewa zaidi ya chupa moja ya soda ya mililita 350.

Njia ya mkato kwenye simu ni hii: tafuta bei ya kilo moja, kisha izidishe kwa 0.92, unapata bei ya lita moja. Dumu la 35,500 ukigawanya kwa 5 ni 7,100 kwa kilo. Zidisha kwa 0.92, inakuwa 6,532 kwa lita. Dumu la 33,500 ni la lita tayari, kwa hiyo unagawanya tu kwa 5, unapata 6,700. Tofauti ni shilingi 168 kwa kila lita. Kwa mtu wa nyumbani si kitu. Kwa kibanda kinachomaliza lita 20 kwa wiki ni 3,360 kila wiki.

Nimekuwekea yote kwa lita makusudi. Karai unalijaza kwa kina, mpaka viazi vielee, hulijazi kwa mizani, kwa hiyo lita ndiyo inayokuambia mafuta yatatosha karai ngapi. Ukija siku kulinganisha na mafuta ya mgando, ambayo huuzwa kwa kilo, geuza mambo: bei ya lita ya alizeti igawanye kwa 0.92 upate bei ya kilo, ndipo ulinganishe.

Zile ndogo hazina mjadala mrefu. Dumu la lita 3 linatoka 6,900 kwa lita. Chupa ya lita ni 7,200 kama ilivyo. Chupa ya mililita 900 ndiyo ghali kuliko zote: 6,600 gawanya kwa 0.9 ni 7,333. Chupa hiyo ina umbo linalokaribiana mno na la lita, na bei yake iko chini kwa 600, basi mkono unaiendea wenyewe. Sipendi kusema ni hila, lakini kwenye rafu huwa zimepangwa bega kwa bega.

Hiyo 0.92 usiichukue kama msumari. Mafuta hutanuka kidogo yakipata joto, na mafuta ya kula ya majimaji, yakiwemo ya mawese yaliyochujwa, hucheza kati ya 0.91 na 0.92. Ukitumia 0.91, dumu la kilo linatoka 6,461, bado linashinda. Lakini siku utakapokuta bei mbili zimeachana kwa chini ya asilimia moja, yaani kama shilingi 60 kwa lita, usiamue kwa hesabu hii. Hapo chukua mafuta unayoyapenda.

Kuna jambo moja kwenye picha lililonisumbua zaidi ya hesabu. Ulisimama pembeni, kwa hiyo lebo ya 33,500 inaonekana imekaa katikati ya madumu yote mawili. Lebo ni ya lipi? Kwa bahati, safari hii haibadilishi mshindi: hata bei zikiwa zimepishana, dumu la kilo lingekuwa 6,164 kwa lita na la lita lingekuwa 7,100. Ila usitegemee bahati hiyo kila mara. Wateja huchukua kitu na kukirudisha mahali pengine, na mpanga rafu naye husogeza bidhaa zilipopungua bila kusogeza lebo.

Kinachounganisha lebo na dumu ni namba zilizo chini ya ile mistari ya kuskani. Lebo yako ya 35,500 inaishia na tarakimu nne zinazosomeka vizuri. Dumu nalo lina namba zake, ila ziko mgongoni, ndiyo maana picha ya mbele haikuzionyesha. Ukirudi, geuza dumu na upige picha ya pili ya mgongo, kisha linganisha tarakimu nne za mwisho. Zikifanana, bei ni yake. Zisipofanana, tafuta lebo yake au mwombe keshia aliskani kabla hujaanza kulipia. Na unapopiga picha ya rafu, simama usawa wa lebo, simu iwe mbele yake moja kwa moja, ukiwa umesogea kando kidogo na taa ya juu. Mng'ao kwenye plastiki ya lebo hufanya 3 isomeke 8, na kwenye bei ya elfu thelathini na kitu hilo ni kosa la shilingi elfu tano.

Ukishalipa, tazama mstari wa mafuta kwenye risiti ya EFD ukiwa bado kaunta. Lebo ya rafu hubadilishwa kwa mkono na bei ya mashine hubadilishwa ofisini, kwa hiyo moja huweza kutangulia nyingine. Kama mashine imesoma zaidi ya 36,400 kwa lile dumu la kilo 5, liache uchukue la lita 5, kwa sababu kuanzia hapo faida yake imekwisha.