Kwa nini Clarissa hafiki dukani

"Mama, nimesoma kurasa sita za Mrs Dalloway, riwaya ya Virginia Woolf, na huyo mwanamke bado hajafika kwenye duka la maua. Kila aya inaanza barabarani halafu inapotelea kwingine. Huu mkondo wa fahamu unafanya kazi gani hasa, na kwa nini aya zinarandaranda hivi?"

Mwanangu,

Barua yako imenifikia hapa Kisumu jana jioni, na nimefurahi kwamba umekasirika. Wanafunzi wangu wengi walikuwa wakifika ukurasa huo wa sita wakiwa wapole kabisa, maana walikuwa wameshaacha kusoma kwa makini tangu ule wa pili.

Rudi kwenye ukurasa wa kwanza, usome polepole, penseli mkononi. Clarissa Dalloway anasema maua atanunua mwenyewe. Sababu ni ya kawaida: usiku kuna karamu, mtumishi wake Lucy ana kazi tele, na milango itang'olewa kwenye bawaba zake ili watu wapate nafasi. Kisha anatoka nje, hewa ya asubuhi inampiga usoni, na hapo hapo, bila mwandishi kutuonya, tunasikia bawaba nyingine zikilia. Hizi si za London. Ni za madirisha ya Bourton, nyumba ya mashambani alikokuwa akiishi alipokuwa msichana wa miaka 18, na sasa amevuka 50. Sentensi moja imeruka miaka zaidi ya 30, na kilichoirusha ni kitu kidogo: milango imetajwa, hewa imemgusa, sikio likakumbuka mlio.

Piga mstari hapo. Mawazo yake hayakupotea njia. Yalikuwa na mahali pa kugeukia, na Virginia Woolf amekuwekea pale pale, ila hakukuelekeza kwa kidole. Msimulizi wa zamani angeandika, "Hewa hiyo ilimkumbusha siku za ujana wake." Woolf ameliondoa hilo "ilimkumbusha" na kukuachia hewa na mlio tu. Unaona aya inatangatanga kwa sababu umezoea kushikwa mkono kila penye kona.

Endelea. Huko Bourton msichana amesimama dirishani, anatazama maua na miti, na moyoni anahisi kuna jambo la kutisha linakuja. Kijana aitwaye Peter Walsh anamtania kwa maneno fulani kuhusu mboga. Angalia Clarissa anavyojiuliza kama kweli ndivyo alivyosema. Anajiuliza, kisha anajiuliza tena. Halafu Peter yuko India, atarudi Juni au Julai, amesahau ni upi, maana barua zake zinachosha. Anachokumbuka ni macho yake, tabasamu lake, kisu chake cha mfukoni, na ule utani wa mboga.

Sasa uniambie ni mwandishi gani mzembe angeweka kisu hapo. Saa chache baadaye, asubuhi hiyo hiyo, Peter anaingia sebuleni bila taarifa, anamkuta Clarissa akishona gauni lake la kijani, na mara kisu kinatoka mfukoni, anakifungua na kukifunga kama alivyozoea. Wewe msomaji unakitambua kisu hicho papo hapo. Na lile jambo la kutisha alilolihisi dirishani? Kitabu kinapokaribia kwisha, habari inaingia kwenye karamu yake kwamba kijana mmoja amejirusha dirishani akafa. Aya uliyoiona imepotea njia ndiyo iliyobeba mbegu za riwaya nzima.

Woolf mwenyewe aliandika katika shajara yake, mwaka 1923, kwamba anachimba mapango nyuma ya wahusika wake, na kwamba mapango hayo yataungana na kila moja litatokea nje kwenye mwanga, kwenye wakati uliopo. Kumbuka hadithi yote ni ya siku moja tu ya Juni 1923, na kitabu hakina sura hata moja, kina nafasi nyeupe tu kati ya sehemu na sehemu. Kwa siku moja hutapata matukio ya maisha mazima ukiyapanga kwa foleni. Utayapata ukichimba chini ya kila hatua ya mtu anayetembea. Hiyo ndiyo kazi ya mkondo wa fahamu katika kitabu hiki: kuuingiza wakati uliopita ndani ya wakati uliopo bila kuusimamisha ule uliopo.

Jina lenyewe halikuanzia kwa waandishi wa riwaya. Mwanasaikolojia William James alilieneza mwaka 1890 katika kitabu chake cha saikolojia, akisema fahamu haiji vipande vipande bali inatiririka. Mwaka 1918 mwandishi May Sinclair akalitumia kueleza riwaya za Dorothy Richardson. Hayo yanakutosha kwa mtihani.

Kilicho kigumu kuonyesha ni lugha, kwa hiyo nimekuandikia mfano wa kwetu. Hii ni namna ya kawaida:

Atieno alipokuwa akivuka barabara pale Kibuye alisikia honi ya pikipiki. Akamkumbuka marehemu kaka yake Ochieng', aliyekuwa na pikipiki pia. Alihuzunika, akaamua kumpigia mama yake simu.

Na hii ni namna ya pili:

Atieno alisimama ukingoni mwa barabara pale Kibuye. Honi. Huyu naye, mbona anapiga kama yuko kwenye msafara wa arusi! Ochieng' ndiye aliyekuwa akipiga hivyo, mara tatu, akikata kona ya nyumbani, na mama anatoka jikoni na mwiko mkononi, au ulikuwa upawa, akifoka kwamba siku moja atawaua kuku wa watu. Kuku wenyewe si ndio waliochinjwa wote siku ya matanga? Lazima ampigie mama leo. Jana alisema nini kuhusu bati? Pikipiki ikapita. Akavuka.

Tazama kilichobadilika. Atieno bado anasimuliwa katika nafsi ya tatu, hakuna "mimi" popote. Lakini "akamkumbuka", "alihuzunika" na "akaamua" vimeondoka, na mshangao na maswali ni yake, kwa sauti yake mwenyewe. Walimu tunauita mtindo huu usemi huru usio wa moja kwa moja, na ndio anaoutumia Woolf karibu kitabu kizima. Kifo cha Ochieng' hakikutangazwa. Kimepita chini ya kuku, kwa sababu mtu aliyefiwa halikabili jambo lenyewe katikati ya barabara, analizungukia. Ile shaka ya mwiko au upawa haisogezi hadithi hata kidogo, lakini ukiifuta, kumbukumbu inakuwa taarifa ya polisi.

Ona pia sentensi mbili za mwisho. Pikipiki ikapita, akavuka. Huo ni uzi wa nje, na hauruhusiwi kukatika. Kwa Woolf uzi huo ni barabara zenyewe, pamoja na saa ya Big Ben inayogonga mara kwa mara na kumrudisha kila mtu kwenye siku ile moja. Clarissa anasimama ukingoni akisubiri gari la mizigo lipite, na wakati huo huo jirani yake mmoja anamwona, anamwaza kama ndege mwepesi mchangamfu ingawa nywele zimekuwa nyeupe tangu alipougua, kisha jirani huyo anatoweka asirudi tena. Wewe uliandika pembeni "huyu ni nani sasa?" Ni mtu wa sentensi chache, na kazi yake ni moja: kutuonyesha Clarissa kwa nje, kwa macho ya mwingine, kabla hatujazama tena ndani. Ni kwa jirani huyo tunasikia kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mgonjwa.

Kwa hiyo aya inapogeuka, uliza mambo mawili tu: tumegeukia kwenye kitu gani, na sasa ni kichwa cha nani? Ukikosa jibu la swali la kwanza, rudi mistari mitatu, halafu usome tena. Kwa Woolf utalipata karibu kila mara. Ukisoma waigaji wake hutalipata, na hapo ndipo utawatambua. Kuna miswada imewahi kuletwa mezani kwangu ambamo mhusika anaona chai, anafikiria bahari, anafikiria Mungu, na ungeweza kuzipanga upya aya hizo kwa mpangilio wowote bila kitu kuharibika. Fikra ambazo zingeweza kuwa za mtu yeyote si fahamu ya mhusika. Ni mwandishi anajisikiliza.

Usidhani pia kwamba kila riwaya inayokupoteza ni ya mtindo huu. Nagona ya Kezilahabi, ya mwaka 1990, inatangatanga kwa njia nyingine: msimulizi anasafiri katika ulimwengu wenyewe ulio kama ndoto. Huku kwa Woolf barabara ni barabara, na ni kichwa tu kinachohama. Wala si waandishi wote wa kizazi chake walifanya alivyofanya yeye. James Joyce, mwishoni mwa Ulysses mwaka 1922, anampa Molly Bloom "mimi" yake na kuondoa karibu alama zote za uakifishaji, mwanamke kitandani usiku, hakuna barabara anayoitembea. Kusema kweli napenda zaidi njia ya Woolf, lakini hilo tutabishana ukija Desemba.

Baada ya Clarissa kufika kwa muuza maua, na atafika, utasikia kishindo kama cha bastola barabarani. Ni gari. Kwa kishindo hicho hicho riwaya inamwacha Clarissa na kumchukua Septimus, kijana aliyerudi kutoka vitani akiwa ameharibika akili. Hapo soma polepole kuliko kawaida, kwa sababu mtindo ni ule ule lakini unafanya kazi tofauti. Ndege inaandika herufi kwa moshi angani, kumbe ni tangazo la peremende. Watu wote wanainua vichwa wakibishana ni herufi gani. Septimus anatazama na kuona kwamba wanampa ishara yeye, machozi yanamtoka kwa uzuri wa moshi ule. Mkewe Rezia anamwambia atazame, kwa sababu daktari amemwagiza amfanye mumewe aangalie mambo yaliyo nje ya nafsi yake. Ametazama nje, kama alivyoagizwa, na nje yote imegeuka kuwa yake. Clarissa kila akizama huvutwa tena hadi barabarani, lakini Septimus akishazama hana kinachomrudisha. Woolf hatuambii kwamba huyu ni mgonjwa na yule ni mzima. Amekuachia ulinganishe zile kona.

Mama yako