Zamu ya Kwanza Kwenye Pampu: Lita 20 Zilizonigharimu Shilingi 30,000

Juzi binti wa marehemu kaka yangu alinitumia ujumbe: "Shikamoo shangazi, nimepata kazi sheli, Jumatano naanza. Wameniambia siku ya kwanza nitamfuata tu dada mmoja nimwangalie." Nilimjibu marahaba na hongera, kisha nikakaa na simu mkononi, kwa maana hilo neno "tu" lilinikumbusha jambo ambalo sijalisahau, ingawa leo mimi mwenyewe ni msimamizi wa zamu.

Zamu yangu ya kwanza, katika kituo ambacho sitakitaja, ilianza saa 12 asubuhi chini ya kaka aliyekuwa na uzoefu wa miaka kadhaa. Yeye ndiye aliyeshika bomba, nami nilipewa kazi ndogo: kuelekeza magari yasimame upande wenye tundu la tangi, kumuuliza dereva anataka petroli au dizeli na ya kiasi gani, kumwonyesha kwamba pampu inasoma sifuri kabla ya kuanza, na kumpa risiti. Nilizifanya vizuri, na bado najivunia kwamba tangu siku ile sijawahi kuweka petroli kwenye gari la dizeli, kwa sababu nilijizoesha kutamka aina ya mafuta kwa sauti na kungoja dereva aitikie.

Kazi ndogo kuliko zote ndiyo iliyoniponza. Muda mfupi baada ya kupokea zamu, msimamizi alileta kopo la kipimo la lita 20, lile lenye shingo iliyochorwa mistari, ili kuhakikisha kwamba pampu haipunji wala haizidishi. Kaka alilijaza mpaka pampu ikaonyesha lita 20 kamili, msimamizi akasoma mstari shingoni na kuridhika, kisha nikaambiwa nibebe kopo nikayarudishe mafuta kwenye tangi la chini. Nikayarudisha, nikafurahi kwamba nimeaminiwa.

Pampu ina namba mbili. Ile anayoiona mteja hurudi sifuri kila mara, lakini mita ya jumla hairudi nyuma kamwe. Huhesabu kila lita inayopita, hata kama lita hiyo imerudishwa tangini dakika tano baadaye. Tulipopokea zamu ilisoma 214,380, na tulipofunga saa 8 mchana ilisoma 215,260, yaani lita 880. Kwa bei ya shilingi 3,000 tulitakiwa kuwa na 2,640,000. Tulihesabu fedha taslimu 1,930,000 na malipo ya simu 650,000, jumla 2,580,000. Pungufu 60,000.

Tulihesabu tena mara tatu. Kaka alinitazama kwa namna ambayo sikuipenda, nami nikaanza kujishuku kwamba labda nilimrudishia mtu chenji ya ziada. Tulisaini fomu, na mwisho wa mwezi kila mmoja akakatwa 30,000. Gawanya 60,000 kwa 3,000 utapata 20 kamili, na pungufu linalogawanyika hivyo bila baki lingetosha kumshtua yeyote anayekumbuka lile kopo. Kipimo kilikuwa kimeandikwa kwenye daftari la msimamizi, lakini si kwenye fomu yetu. Nililiona daftari hilo wiki kadhaa baadaye. Nikaambiwa hesabu za mwezi zimeshafungwa. Fedha ile haikurudi, wala hakuna aliyeniomba radhi.

Kwa hiyo, mwanangu, nawe msomaji unayeanza kazi hii, soma mita ya jumla kwa macho yako mwenyewe unapopokea zamu, uiandike kwenye karatasi yako, hata kama unayemfuata amekwisha kuiandika. Uliza kama kipimo kimefanyika kabla ya namba kusomwa au baada yake. Kikifanyika kabla, lita hizo hazikuhusu, lakini kikifanyika baada, ziandike kwenye fomu kama mafuta yaliyorudishwa na umwombe msimamizi asaini papo hapo. Kopo likijazwa mara mbili, ni lita 40. Narudia: andika. Anayekufundisha anaweza kuwa mtu mwema na bado akasahau, kwa kuwa amezoea, na mazoea humfanya mtu asione kile ambacho mgeni angekiuliza.

Jambo jingine linamhusu binti yangu hasa, kwa kuwa anaanza Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo bei kikomo mpya za EWURA huanza kutumika. Akiingia asubuhi, atakuta bei moja tu. Wenye zamu ya usiku wa kuamkia siku hiyo ndio wanaopaswa kusoma mita mara ya pili bei inapobadilika, la sivyo lita zilizouzwa kwa bei ya zamani zitahesabiwa kwa bei mpya.

Nimemwambia anunue daftari dogo linaloingia mfukoni. Amenijibu kwamba dada atakayemfuata ameshamwambia hahitaji kuja na chochote. Nimemwambia anunue hivyo hivyo.