Ripoti ndefu ibadilike kwa mguso mmoja: staili za aya na vichwa kwa anayeanza kazi ya ofisi

Tuseme umekabidhiwa ripoti ya Microsoft Word yenye kurasa 90 kuhusu kilimo cha zabibu katika kata za Hombolo, Mbabala na Mpunguzi. Ina sura 5, vichwa vidogo 46 na majedwali 12, yote kwa Times New Roman 12. Saa tisa na nusu alasiri mkuu wa kitengo anapita mezani: "Ndugu, wanataka Arial 11, vichwa viwe buluu iliyokoza, na kila sura ianze ukurasa wake. Tuipate kabla watu hawajapanda basi la kurudi mjini."

Kama vichwa vilitengenezwa kwa kuchagua maneno, kubonyeza B na kuweka ukubwa wa 14, jioni hiyo utalala Mtumba. Machoni pako vile ni vichwa. Kwa Word ni aya za kawaida zilizokolezwa wino, na hakuna kinachoziunganisha 46 zile ziwe kundi moja. Staili ndiyo hilo kundi: ni jina, mfano Heading 2, linalobeba fonti, ukubwa, rangi, nafasi na mpangilio. Aya inabeba jina tu. Ukibadilisha sifa za jina, kila aya iliyolibeba inafuata.

Hadi hapo wengi wanaelewa. Wanachokosa ni kwamba staili zina ukoo, na kazi nzima ya kuziunda ni kupanga nani amrithi nani.

Fungua orodha ya staili kwa Ctrl+Alt+Shift+S. Ukiona majina machache, bonyeza Options na uchague All styles. Bofya mshale ulio pembeni ya jina, kisha Modify. Katika dirisha hilo kuna mstari wa Style based on, yaani mzazi wake. Mzazi wa karibu kila kitu ni Normal. Sifa ambayo mtoto hajajiwekea anaichukua kwa mzazi. Aliyojiwekea inabaki yake hata mzazi akibadilika. Chini ya dirisha kuna maelezo mafupi, nayo hutaja yale tu ambayo staili imejiwekea yenyewe. Jizoeze kuyasoma. Ukishangaa kwa nini kichwa hakifuati mabadiliko, mara nyingi jibu limeandikwa pale.

Kosa la kwanza la wageni linatokana na ukoo huu. Wanataka maandishi ya ripoti yawe na nafasi ya 1.5 na kingo zilizonyooka pande zote, hivyo wanaweka hayo kwenye Normal. Muda si mrefu majedwali yanatanuka, vichwa vinavutwa kulia na kushoto, na hata namba za kurasa zinapanda juu. Normal ni babu. Ukimvisha koti, wajukuu wote wanavaa. Mwachie fonti na ukubwa tu: maandishi yaanzie kushoto, nafasi ya mstari iwe Single, na Before na After ziwe 0.

Maandishi ya ripoti yape Body Text, inayomrithi Normal. Humo ndimo uweke nafasi ya mstari 1.5 lines, After 8 pt na Justified. Ukubwa usiuguse, aurithi. Kwa ndani ya majedwali unda staili yako kwa New Style, uipe jina kama Maandishi ya Jedwali, mzazi wake Normal, ukubwa 10, na maandishi yaanzie kushoto. Usiweke Justified kwenye jedwali. Maneno yetu ni marefu, na neno kama "yaliyotekelezwa" likikaa kwenye safu nyembamba linaacha mapengo ya kupita ng'ombe.

Kwenye vichwa, Heading 1 amrithi Normal, Heading 2 amrithi Heading 1, na Heading 3 amrithi Heading 2. Vipe rangi ileile mara moja; baada ya hapo ukibadilisha Heading 1 wengine wanafuata, na ukubwa tu ndio utofautiane, mfano 16, 13 na 12. Katika Style for following paragraph weka Body Text kwa vyote vitatu, ili ukibonyeza Enter mwisho wa kichwa usiendelee kuandika kwa herufi za kichwa.

Kuna mtego hapa. Ili kila sura ianze ukurasa mpya, unaingia Modify ya Heading 1, kisha Format, Paragraph, Line and Page Breaks, na kuweka tiki kwenye Page break before. Kwa kuwa Heading 2 ni mtoto wake, kila kichwa kidogo nacho kitakimbilia ukurasa wake, na ripoti ya kurasa 90 itakaribia 130. Ingia Heading 2 uiondoe tiki hiyo. Heading 3 atatii kwa sababu anamfuata Heading 2.

Fonti nayo ina siri yake. Juu kabisa ya orodha ya fonti kuna majina mawili yenye alama (Headings) na (Body). Hayo si fonti mahususi, ni nafasi mbili zinazojazwa na mada ya waraka, yaani Theme. Ukiacha vichwa kwenye (Headings) na Normal kwenye (Body), fonti ya ripoti nzima inabadilishwa sehemu moja: Design, Fonts, Customize Fonts. Ukichagua Times New Roman kwa jina ndani ya staili, umekata uzi huo na itakubidi uiguse staili hiyo peke yake kila mara.

Sasa tuivishe ile ripoti ya zabibu, ambayo haina staili hata moja. Utaratibu wa hatua una maana, kwa hiyo hifadhi nakala kwanza halafu usiruke.

Anza na vichwa. Weka kasa, ile alama inayopepesa mahali pa kuandika, kwenye kichwa kidogo kimoja, nenda Home, Select, kisha Select Text with Similar Formatting. Vyote vinavyofanana vitachaguliwa. Bonyeza Heading 2. Majina ya sura yape Heading 1 kwa njia hiyohiyo. Kama Word inasema No Data, nenda File, Options, Advanced, uweke tiki kwenye Keep track of formatting. Usidhani mara moja inatosha. Aliyeandika kabla yako pengine aliweka kimoja ukubwa wa 13 na kingine akapigia mstari, na hao hawahesabiki kuwa wanafanana. Rudia mpaka orodha katika Navigation Pane ifike 51, yaani sura 5 na vichwa vidogo 46.

Wakati vichwa bado vimechaguliwa, bonyeza Ctrl+Q na Ctrl+Space. Ya kwanza inafuta mpangilio wa aya uliowekwa kwa mkono, ya pili inafuta wa herufi. Bila hivyo kichwa kinabeba jina la Heading 2 lakini bado kimevaa nguo za zamani juu yake, na nguo za mkono hushinda staili.

Vichwa vikishatoka, bofya mshale wa Normal kwenye orodha ya staili na uchague Select All Instances (namba itaonekana katikati), kisha bonyeza Body Text. Majedwali nayo yatakuwa yamebebwa humo, kwa hiyo yapitie yote 12 ukiyapa Maandishi ya Jedwali. Katika maandishi ya kawaida uwe mpole na Ctrl+Space: itafuta pia italiki, na jina la kisayansi la mzabibu, Vitis vinifera, litasimama wima kama neno lolote. Chagua aya kadhaa kwa wakati, ukirudisha italiki pale zinapostahili.

Kilichobaki ni aya tupu, zile Enter mbili tatu zilizopigwa kuacha nafasi. Kwa kuwa sasa nafasi inatoka kwenye staili, fungua Ctrl+H, uandike hivi na ubonyeze Replace All mpaka idadi isipungue tena:

```
Find what:    ^p^p
Replace with: ^p
```

Mikato ya kurasa iliyowekwa kwa Ctrl+Enter kabla ya sura nayo iondoe, la sivyo itaungana na Page break before na kukuachia kurasa tupu. Tafuta ^m uziondoe moja moja. Ukikuta Section Break usiifute: huenda ndiyo iliyolaza ukurasa wa jedwali pana.

Namba za vichwa usiziandike kwa kidole. Home, Multilevel List, Define New Multilevel List, kisha More. Ngazi ya 1 iunganishe na Heading 1 kupitia Link level to style, ya 2 na Heading 2, vivyo hivyo mpaka ya 3. Kwenye ngazi ya 1, andika SURA YA mbele ya namba. Orodha ya Word ina One, Two, Three lakini haina Kwanza, Pili, Tatu, kwa hiyo "SURA YA 1" ndiyo njia salama. Wanaopenda namba za Kirumi watakuta kichwa kidogo kinasomeka II.1; tiki ya Legal style numbering kwenye ngazi ya 2 inakirudisha kuwa 2.1.

Utajuaje kama umevisha kila kitu? Ingia Modify ya Body Text, weka rangi nyekundu, kisha View, Multiple Pages, upunguze ukubwa hadi uone kurasa sita kwa pamoja. Nje ya vichwa na majedwali, aya iliyobaki nyeusi ndiyo iliyotoroka, ama ina staili nyingine ama ina rangi ya mkono. Weka kasa juu yake na ubonyeze Shift+F1. Weka tiki kwenye Distinguish style source, na dirisha la pembeni litatenganisha kilichotoka kwenye staili na kilichowekwa kwa mkono. Ukimaliza, rudisha rangi. Njia hii inashinda kusoma kurasa 90 kwa macho.

Ripoti ikipita jaribio hilo, ombi la mkuu lina miguso mitatu: Arial kupitia Customize Fonts, 11 kwenye Normal, buluu kwenye Heading 1. Kurasa mpya za sura zilishapangwa. Kama umeingiza orodha ya yaliyomo ya Word, bonyeza Ctrl+A na F9, uchague Update entire table, ili ichukue namba mpya za kurasa. Mwonekano wa orodha hiyo unatoka TOC 1, TOC 2 na TOC 3. Ukiirembesha kwa mkono, F9 inayofuata itafuta urembo wote.

Ulinzi baada ya hapo ni mambo mawili. Tiki ya Automatically update ndani ya Modify iondoe kwenye staili zote, maana ikiwepo, mwenzako akisogeza kichwa kimoja katikati, vyote 46 vitamfuata naye hatajua kwa nini. Na maandishi yanayotoka kwenye barua pepe au tovuti yabandike kwa Keep Text Only, kisha uyape Body Text. Wanaotumia LibreOffice Writer wafungue staili kwa F11 na kufuta mapambo ya mkono kwa Ctrl+M. Kule vichwa vyote vina mzazi wao anayeitwa Heading, hivyo rangi na fonti vinawekwa kwake.

Mwishowe futa maandishi kwenye nakala moja, uihifadhi kama Word Template (.dotx) kwa ajili ya ripoti ya robo ijayo. Fahamu tu kwamba ukiirekebisha template baadaye, ripoti zilizokwisha kuzaliwa kutokana nayo hazibadiliki zenyewe: kila waraka hubeba nakala yake ya staili tangu siku ulipofunguliwa.