Kampeni zikifungwa, usizime cron tu

"Skripti yangu hutuma jumbe za mgombea kupitia cron. Kampeni zikifungwa, nizime cron tu?"

Kuzima cron hakutoshi. Mwaka 2022 nilimfanyia kazi mwaniaji wa uwakilishi wadi hapa Kisumu. Kura ilikuwa Jumanne 9 Agosti, na kampeni zilifungwa Jumamosi tarehe 6, saa kumi na mbili jioni. Skripti yangu iliamka kila saa, ikatuma chochote kilichofika zamu. Niliiandikia ikome ikifika 18:00, nikaenda zangu. Saa mbili usiku mpinzani akatuma picha ya skrini: ujumbe wetu wa "tupigieni kura", wa dakika chache zilizopita.

Seva ilikuwa kwenye UTC, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. 18:00 yake ni saa tatu usiku hapa. Andika `timedatectl`, usome mstari wa `Time zone`. (Na sisi tunaosema "saa kumi na mbili" tuna mtego wetu: kijana mmoja wa timu aliwahi kuandika 12:00.)

Tangu hapo siamini saa ya seva. Naweka kizuizi mwanzoni mwa skripti inayotuma, ili kila ujumbe uulizwe wakati wa kutoka, si wakati wa kupangwa:

```
MWISHO=$(TZ=Africa/Nairobi date -d '2022-08-06 18:00' +%s)
[ "$(date +%s)" -ge "$MWISHO" ] && exit 0
```

Badilisha tarehe hiyo kulingana na tangazo la IEBC la uchaguzi wako. Chaguzi ndogo zina ratiba yake. Ile ya Malava ya 27 Novemba 2025 haikufuata kalenda ya uchaguzi mkuu. Kabla ya kuitegemea, weka `MWISHO` wa jana na uendeshe skripti kwa namba yako mwenyewe. Ukipokea kitu, kuna mlango mwingine.

Na mlango huo kwa kawaida ni arafa ulizokwisha kumkabidhi mtoa huduma zikiwa na saa ya kutumwa. Hizo hazipo tena kwako, ziko kwenye foleni yake, na zitatoka hata ukizima seva yako. Ingia kwenye akaunti yako kwa mtoa huduma huyo uzifute moja moja. Posti ulizopanga kwenye Facebook nazo ni vivyo hivyo, na matangazo ya kulipia uyape tarehe ya mwisho.

Kosa langu la pili lilikuja baada ya kura. Jumbe zilizozuiwa nilikuwa nimeziacha kwenye foleni. Nilipoondoa kizuizi Alhamisi ili tuwashukuru wapigakura, zikamwagika zote, zikiwaalika watu kwenye mkutano wa Jumamosi iliyopita. Siku hizi kila ujumbe una tarehe yake ya kuisha, na ukipitwa unafutwa.