Baba ametaka macho yake yatolewe akifa: tufanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu ana miaka 71, anaugua figo, nasi tunaishi Nairobi. Mwezi uliopita alituita akatuambia kuwa amejiandikisha ili akifa macho yake apewe mtu asiyeona. Mimi sikuona ubaya, lakini kaka zangu wawili wamekataa kabisa. Wanasema atafufuliwa kipofu, atazikwa na mashimo usoni, maziko yatacheleweshwa, na kwamba akipewa kafiri au mlevi, baba atabeba dhambi za macho yake. Pia wanauliza: nani anayejua macho yatakwenda kwa nani? Tusaidie kabla haijatokea.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, mmefanya vizuri kuuliza mzee angali hai, na Allah amponye. Maswali haya huniletea watu jeneza likiwa tayari barazani, na hapo hakuna anayemsikiliza mwenzake.

Watu husema “kutoa macho”, lakini anachohitaji mgonjwa ni konea peke yake. Konea ni ule utando angavu ulio mbele ya mboni, mfano wa kioo juu ya uso wa saa ya mkononi. Upana wake ni kama milimita 11 au 12, na unene wake katikati ni kama nusu milimita. Ikipata kovu kwa kidonda au kwa kuunguzwa na chokaa, au ikichongoka mbele kama inavyowapata vijana wengi, mwanga haupiti sawasawa. Jicho lote la nyuma linaweza kuwa zima kabisa, ila dirisha ndilo limechafuka. Anayeona hasa ni pazia la nyuma ya jicho pamoja na ubongo, na hivyo havihamishwi. Kwa hiyo hakuna mtu atakayeangalia “kwa macho ya baba”. Hata ile ngozi laini ya juu ya konea iliyopandikizwa hufunikwa polepole na chembe za mpokeaji mwenyewe.

Nikiri kwamba wanazuoni wamekhitalifiana, na kaka zako hawakuzua jambo. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan na Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia hawakukubali kutoa kiungo cha maiti. Hoja yao nzito ni hadithi ya Bibi Aisha iliyopokewa na Abu Daud, kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja angali hai. Mwili ni amana ya Mola, si mali ya mtu agawe atakavyo.

Upande wa pili, Sheikh Hasan Ma'mun, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitoa fatwa mwaka 1959 ya kuruhusu macho ya maiti yatumike kuwatibu walio hai. Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudia nalo likaruhusu konea mwaka 1398 Hijria, yaani 1978, kwa sharti kwamba kifo kimehakikishwa na mawalii wa maiti hawakukataa. Kisha Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, iliyokutana Jeddah Februari 1988, ikapitisha kuwa inajuzu kumpa aliye hai kiungo cha maiti ikiwa uhai wake, au kazi ya msingi ya mwili wake, inategemea kiungo hicho. Lazima maiti awe aliruhusu kabla ya kufa, au warithi waruhusu baada yake, na isiwe biashara.

Mtu huuliza: kuona ni dharura kweli? Kipofu si anaishi? Azimio lile lile la Jeddah lilimkataza aliye hai kutoa konea zake zote mbili kwa kuwa atapoteza kazi ya msingi ya mwili. Basi wanazuoni wale wamekwisha kuhesabu kuona kuwa ni kazi ya msingi. Na sisi wa Pwani tunaomfuata Imam Shafi tunajua kuwa Imam Nawawi katika Minhaj alimruhusu mwenye dharura ya njaa kula hata nyama ya binadamu aliyekufa. Fuqahaa wetu pia waliruhusu tumbo la mama aliyekufa lipasuliwe ili atolewe mtoto anayetarajiwa kuishi. Heshima ya maiti ni kubwa, lakini haja ya aliye hai inaweza kutangulizwa. Hadithi ya mfupa inamkataza anayedhalilisha. Daktari anayefanya kazi yake kwa adabu siwezi kumuweka humo. Mimi ninaelemea kwa wanaoruhusu.

Konea ina wepesi mmoja ambao moyo na ini havina. Mabishano makubwa ya fatwa za viungo ni kuhusu mtu ambaye ubongo umekufa huku mashine ikimpumulisha na moyo bado unapiga. Konea haina mishipa ya damu, kwa hiyo huchukuliwa baada ya moyo kusimama na mwili kupoa. Hakuna atakayemharakishia baba kifo.

Sasa hofu ya kufufuliwa kipofu. Someni Suratu Taha kuanzia aya ya 124. Anayefufuliwa kipofu ni yule aliyeupa mgongo ukumbusho wa Allah, naye atauliza: “Mola wangu, mbona umenifufua kipofu, nami nilikuwa nikiona?” Upofu ule umetokana na amali. Na katika Suratul Qiyama, Allah anasema anaweza kuziweka sawa hata ncha za vidole. Mashahidi waliokatwakatwa vitani na mabaharia walioliwa na samaki watafufuliwa na Yeye huyo huyo. Kuhusu mlevi, ipo aya inayojulikana na kila mtoto wa madrasa: hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Ukimgawia jirani maji akatilia kwenye pombe, hutasimamishwa kwa pombe yake.

Kuhusu mashimo usoni na kuchelewa, tuchukulie baba amefariki saa nne usiku hospitalini Nairobi. Mnampigia simu mtu wa benki ya macho. Hapo Loresho ipo katika hospitali ya macho ya Lions. Wakati mnamsubiri, fungeni kope za marehemu, jambo ambalo ni sunna hata bila hili. Inueni kichwa kwa mto, wekeni pamba yenye maji baridi juu ya kope, na zimeni feni, kwa sababu konea ikikauka imeharibika. Konea inatakiwa ichukuliwe ndani ya saa 6 hadi 12 hivi, na joto letu halisaidii. Mtaalamu akifika saa sita, anaangalia faili la ugonjwa, anachukua damu kidogo, kisha anafanya kazi yake kwa nusu saa hivi. Siku hizi wengi hukata konea pamoja na ukingo mwembamba wa weupe wa jicho, na jicho lenyewe linabaki mahali pake. Wengine hutoa jicho zima, kwa hiyo ulizeni mapema na mseme mnataka njia ipi. Vyovyote iwavyo, chini ya kope huwekwa kikombe kidogo cha plastiki au pamba, na uso hubaki na umbo lake. Kufika saa saba mmemaliza. Asubuhi anakoshwa, anavishwa sanda, na Adhuhuri anasaliwa. Hakuna sala iliyopita.

Ila msiwafiche waoshaji. Niliwahi kuitwa kukosha maiti, tukakuta kope zimevimba kidogo na weusi pembeni, jambo linaloweza kutokea. Hakuna aliyekuwa ametuambia, na mpwa wake akatoka nje akipiga kelele kuwa hospitali imemuiba mjomba macho. Neno moja usiku ule lingetosha. Kope zioshwe kwa upole, zisibonyezwe wala kufunguliwa. Ndani ya jicho si mahali pa kukoshwa.

Mkiwa safarini na baba akafia Lamu au kijijini ambako hakuna mtaalamu wa karibu, basi jambo limekwisha. Zikeni kwa wakati wake. Alichotoa mzee ni ruhusa. Si wasia wa mali ambao mtalazimika kuutimiza kwa gharama yoyote, na nia yake Allah anaijua.

Nani anaamua konea inakwenda kwa nani? Kwanza damu hupimwa Ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Aliyekufa kwa kichaa cha mbwa, saratani ya damu, au ugonjwa usiojulikana, konea yake haichukuliwi. Ugonjwa wa figo, miwani, kisukari, hata kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, peke yake havimzuii baba. Daktari ndiye atakayepima. Kisha konea hutazamwa kwa hadubini. Safu yake ya ndani kabisa ina chembe zinazosukuma maji nje ili ibaki angavu, na chembe hizo zikifa hazizaliwi upya. Benki nyingi hutaka zipatikane kama 2,000 au zaidi katika kila milimita moja ya mraba ndipo konea ipandikizwe nzima. Zikipungua, inaweza bado kumfaa kijana ambaye konea yake imechongoka lakini safu yake ya ndani ni nzima, maana yeye hubadilishiwa tabaka za juu tu. Kundi la damu kwa kawaida halitazamwi, kwa sababu ile ile ya kukosa mishipa. Kinachotazamwa ni hali ya konea, umri, ugonjwa wa mpokeaji, na nani ameingoja zaidi au ana haja ya haraka. Ikiwekwa kwenye maji maalumu ya baridi hukaa hadi siku 14 hivi, ingawa madaktari hupenda kuitumia mapema. Dini yake haiulizwi, wala hamtaambiwa jina lake.

Hapo kaka zako wakinuna, waambieni habari ya Sri Lanka. Jumuiya ya kutoa macho iliyoasisiwa na Daktari Hudson Silva, katika nchi ambayo wengi ni Wabudha, imepeleka maelfu ya konea Pakistan, na Misri pia wamepokea. Waislamu wengi wanasoma msahafu leo kupitia dirisha la Mbudha. Tunapokea kwa mikono miwili, kisha tukiombwa tunatafuta fatwa ya kukataza. Mimi hili linanitia haya.

Jambo mnalohitaji kuliandika, na wengi hulisahau, ni hatima ya konea isiyofaa. Baadhi ya fomu huruhusu itumike kufundishia au utafiti. Ruhusa ya wanazuoni niliyoitaja imejengwa juu ya haja ya mgonjwa, kwa hiyo kwenye fomu baba aandike kuwa ni kwa matibabu tu, na isipofaa izikwe. Ulizeni pia kama familia itadaiwa chochote au kupewa chochote. Jibu la yote mawili liwe hapana. Mpokeaji anaweza kulipia upasuaji na vipimo, hilo si kuuza konea.

Na kaka zako wasipokubali? Kwa fatwa ya Jeddah idhini ya baba inatosha. Lakini azimio la Saudia limezingatia kukataa kwa mawalii, na benki nyingi za macho hazigusi maiti ambaye wanawe wanagombana juu yake hata kama fomu ipo. Kwa hiyo msilisukume. Mketisheni baba jioni moja akiwa na nguvu, nao wawepo, awaeleze mwenyewe sababu yake, na mkubwa wenu atie saini kama shahidi. Akiona kuwa jambo litawafarakanisha akaiondoa ruhusa yake, hana dhambi.

Wallahu aalam.