Amino ya alanini hukaa wapi kabla ya kufika kwenye glutameti?

"Alanini ikipokonywa amino, hiyo amino inakaa wapi kabla ya kufika kwenye glutameti? Na kaboni zinazobaki zinaishia wapi?"

Inakaa kwenye piridoksali fosfati (PLP) yenyewe, kisaidizi cha kimeng'enya kinachotokana na vitamini B6. Mwanzoni PLP imeshikamana na lisini ya ALT, kimeng'enya kinachohamisha amino hiyo. Alanini ikiingia, inaiondoa lisini na kujifunga hapo. Protoni inatoka kwenye kaboni ya alfa, bondi maradufu inahama, kisha maji yanakata: piruveti inaondoka, nitrojeni inabaki, na PLP sasa ni piridoksamini fosfati. Nusu ya pili ndiyo wengi huisahau: lazima alfa-ketoglutareti ije ichukue ile amino na kuwa glutameti, ndipo PLP irudi.

Piruveti ina kaboni 3. Wakati wa njaa, ini huiongezea 1 ikawa oksaloasetati, kuelekea glukosi. Lusini ni tofauti kabisa: kiunzi chake huishia asetili-KoA na asetoasetati, kwa hiyo hakiongezi glukosi.

Angalia pia majibu ya maabara. Mwenye upungufu wa vitamini B6 anaweza kuonyesha ALT ya chini ingawa ini limeumia, kwa sababu kimeng'enya kipo lakini hakina PLP. Kitendanishi chenye PLP kikitumika, kipimo hupanda.