“Nimekituma” ni sentensi nzima, “I sent” si sentensi

SWALI: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni karani katika afisi inayonunua mwani hapa Wete. Juzi nilimwandikia mnunuzi wa nje: “Is attached. I sent on Monday. Please confirm if you received.” Nilichoambatanisha ni ankara na orodha ya mzigo, na nilichotuma Jumatatu ni cheti cha asili ya bidhaa. Akanijibu: “What is attached? What did you send?” Bosi anasema Kiingereza changu kidogo, ninunue kile kitabu cha barua za kuiga kinachouzwa kwa simu. Jee, nikinunue? Na kosa langu liko wapi, maana kila neno nililoandika nalijua?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Kitabu usikinunue, na sababu yake nitaieleza. Bosi wako amekosea kuhusu maradhi, kwa hiyo na dawa aliyokuandikia haifai. Kosa lako halikutoka kwenye uchache wa Kiingereza. Limetoka kwenye Kiswahili chako, ambacho ni kizima, na ndiyo maana hukuliona.

Chukua neno “nimekituma”. Ndani yake mmekaa watu wanne: “ni” ni wewe, “me” ni wakati, “ki” ni cheti, “tuma” ni kitendo. Mtu akikuuliza cheti kiko wapi, ukamjibu “nimekituma”, umeshasema sentensi kamili kwa neno moja. Na Kiswahili kinaruhusu hata zaidi ya hapo: unaweza kuitoa ile “ki” ukasema “nimetuma”, ikiwa mnajua mnazungumzia nini, wala hakuna atakayekushangaa. Halafu “zimeambatanishwa”: ile “zi” ya mwanzo ndiyo ankara na orodha. Kiima, yaani kile kinachosemwa, kimo ndani ya kitenzi chenyewe.

Ulipoanza kuandika ulilifikiria neno hilo moja, ukatafuta mwenzake wa Kiingereza. Kitenzi ukakipata, lakini vile viambishi vya mbele havina pa kukaa kwenye kitenzi cha Kiingereza, vikaanguka njiani. “Zimeambatanishwa” ikawa “Is attached”. “Nimetuma” ikawa “I sent”. “Kama umepokea” ikawa “if you received”. Ni tundu moja mara tatu. Kwanza kimekosekana kiima, kisha mara mbili imekosekana yambwa, yaani kile kitu kinachotendwa.

Msomaji wa Kiingereza hapati pahala pa kuokota kilichoanguka. Tena kuna jambo la pili linalomchanganya. Sentensi ya Kiingereza ikianza na “Is”, jicho lake linatarajia swali: “Is the invoice attached?” Amesoma “Is attached”, akangojea kiima, akakuta nukta. Na kitenzi kama “send” au “receive”, tofauti na “arrive” au “sleep”, hakitimii bila ya kutaja kitu. “I arrived” inatosha. “I sent” inamwacha mtu mkono hewani.

Sasa fikiria upande wa yule mnunuzi. Yeye anangoja kontena la mwani. Karani wa Wete anamwambia “I sent on Monday”. Wewe akilini mwako una cheti, yeye akilini mwake ana kontena. Bahati yako ni kuwa aliuliza. Angeweza kuamini kuwa mzigo umeshaondoka, akaanza kuwaarifu watu wa forodha kwake, na wewe marobota bado yako ghalani.

Hapa ndipo wengi wanaponikatiza: “Basi si tuongeze it, yaishe?” Hapana, hayaishi. Kiswahili kina ngeli, na ngeli zinatuwekea mambo sawa bila ya sisi kufikiri. “Nimekituma” haiwezi kuwa kontena. “Nimelituma” haiwezi kuwa cheti. “Nimeutuma” ni mzigo, “nimeyatuma” ni marobota. Kwa kiambishi kimoja msikilizaji ameshajua ni kitu gani. Kiingereza hakina hazina hiyo. Cheti, kontena na mzigo vyote vinaitwa “it”. Ukiandika “I sent it on Monday” sarufi imetengemaa, lakini mnunuzi wako bado hajui kama ni karatasi au mwani. Kwa hiyo mara ya kwanza kitu kinapotajwa, kitaje kwa jina lake. Baada ya hapo, “it” itafaa ikiwa pana kitu kimoja tu cha karibu inachoweza kukirejea.

Barua yako ingesomeka hivi:

```
The invoice and the packing list are attached.
I sent the original certificate of origin
by courier on Monday.
Please confirm when you receive it.
```

Ona kuwa “is” imegeuka “are”, kwa sababu sasa kiima kimeonekana, na ni vitu viwili. Kiima kilipokuwa kimefichika hata wewe hukuweza kuona kuwa “is” haikuwa sahihi. Neno “original” nimelitia kwa makusudi ili asije akakitafuta cheti kwenye viambatisho. Na “it” ya mwisho iko salama: ankara na orodha zishapita, na kitu kilichotumwa ni kimoja. Ukipenda kuanza na “Attached are the invoice and the packing list” ni sawa pia. Hapo kiima kimesogezwa nyuma, hakikuondolewa.

Utaniambia kuwa kwenye kichwa cha barua pepe uliandika “Invoice and packing list”, kwa hiyo alipaswa kujua. Hoja hii naisikia kila wiki. Kichwa cha barua hakiwi kiima cha sentensi iliyo ndani. Na kuna sababu ya kiufundi. Mnunuzi akibonyeza kujibu na kumwingiza mhasibu wake, kwa kawaida viambatisho havifuatani na jibu; vinafuatana pale barua inapopelekwa mbele kwa mtu mwengine. Basi mhasibu anapata maneno yako, “Is attached”, bila ya karatasi yoyote na bila ya jina la karatasi. Ungeandika “The invoice and the packing list are attached”, angejua mara moja aombe vitu gani.

Kuna vitenzi ambavyo yambwa ikianguka sentensi haibaki na tundu, inageuka maana, na hivi ndivyo vya khatari zaidi kwa sababu hakuna atakayekuuliza. Mwanafunzi wangu mmoja, karani wa hoteli ya pwani ya mashariki, mgeni alimwandikia kuulizia pasi yake ya kusafiria. Yeye alikuwa ameiacha mapokezi, akaandika “I left at reception”. Alikuwa anasema “nimeiacha mapokezi”. Mgeni hakuona pasi mahali popote katika jibu lile, na “I left” peke yake ni “niliondoka”. “I returned yesterday” ni hivyo hivyo: wewe unamaanisha umezirudisha fomu, msomaji anaelewa kuwa umerudi safari. Neno moja dogo, “I left it”, “I returned the forms”, ndilo linalotenganisha maana hizo.

Wapo wanaosema kuwa wenye lugha nao wanaacha. Wanaacha, lakini angalia wanaacha nini. Katika ujumbe mfupi wa watu waliozoeana utaona “Will call you tomorrow”, “Got it”, “Sent it this morning”. Kilichoachwa pale ni “I”, mwenye kusema, ambaye hawezi kupotea maana jina lake liko juu ya ujumbe. Yambwa imebaki: “Got it”, “Sent it”. Na “Is attached” hutaikuta humo. Maagizo ya kwenye fomu nayo yana desturi yake, “Please sign and return”, kwa kuwa fomu yenyewe imo mkononi mwa anayesoma. Barua ya biashara kwa mtu ambaye hujawahi kumwona si mahali pa kuyaiga hayo.

Nije kwenye kitabu. Nimeletewa vitabu hivyo na wanafunzi wengi, wameshatoa pesa zao, na vingi vina sentensi ya namna hii:

```
Please find attached herewith for your perusal
and necessary action.
```

Isome tena. Maneno kumi, yote mazito, na yambwa haimo. “Find” nini? Ni lile lile kosa lako, limevishwa kanzu na joho. Linaniudhi sana hili, kwa sababu anayekinunua anatoka na imani kuwa sasa anaandika Kiingereza cha afisi, na bosi wake anaona maneno marefu anaridhika, na mtu wa upande wa pili bado anauliza ni nini kilichoambatanishwa. “Please find the invoice attached” ni maneno matano na haina tundu. Sentensi za kuiga haziwezi kukutibu kwa sababu muuzaji hajui kuwa wewe utatuma cheti. Jina la kitu ni lazima litoke kwako.

Wengine wanafundisha kinyume chake, na madhara yake nayaona skulini na maafisini: mtoto akishaambiwa kila kitenzi kiwekewe “it”, anaandika “The invoice it is attached”, akifuata “ankara imeambatanishwa”, ankara mara moja na “i” mara ya pili. Kiswahili kinataka vyote viwili. Kiingereza kinataka kimoja, ama jina ama “it”.

Ninachowafanyisha wanafunzi wangu ni hiki. Kabla ya kuandika Kiingereza, sema sentensi kwa Kiswahili ukilitaja jina: usianze na “zimeambatanishwa”, sema “ankara na orodha zimeambatanishwa”, usiseme “nimetuma”, sema “nimekituma cheti”. Jina likishakuwepo kwenye Kiswahili, litavuka nawe. Ukimaliza, funika mistari yote kwa kiganja, ubakishe mmoja, uusome kama mtu ambaye hajaona mwengine. Kila kitenzi kiulize: nani, au nini? Na kama ni cha kutenda kitu: kitu gani? Jibu lisipokuwepo kwenye mstari ule au mmoja kabla yake, hapo ndipo penye tundu.

Na akija tena muuzaji wa kitabu, mwandikie “I returned yesterday” umwambie ulimaanisha kuzirudisha nyaraka, akuoneshe kasoro iko wapi. Akikushauri uongeze “herewith”, baki na pesa zako.